Video nyeti: kipi kibaki kwenye kompyuta, kipi kipande mtandaoni

Julai 2018 video moja ilienea kwenye simu za watu ndani na nje ya Kameruni. Askari wanawatembeza wanawake wawili na watoto wawili kwenye njia ya vumbi, kisha wanawapiga risasi. Serikali ya nchi hiyo mwanzoni ilisema ni uzushi. Waandishi wa BBC Africa Eye wakaichambua fremu kwa fremu. Nyuma ya watu wale, kwa muda mfupi, ulionekana mgongo wa safu ya milima. Waliulinganisha na picha za Google Earth mpaka wakaupata, karibu na mji wa Zelevet kaskazini kabisa mwa nchi. Urefu wa vivuli uliwapa kipindi: kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Yaoundé iliwahukumu askari wanne miaka 10 jela kila mmoja.

Kazi ile hutajwa kama mfano wa nini kinawezekana kwa subira na ramani ya bure. Ila kuna jambo moja ndani yake ambalo wengi hulipita. Swali la mahali lilijibiwa na mlima. Nyuso za wanawake wale hazikuhitajika, wala sauti zao. Na video yenyewe ilikuwa tayari mikononi mwa maelfu ya watu, kwa hiyo kuipeleka popote kusingemfichua mtu ambaye alikuwa bado amefichika.

Ofisi nyingi hazina bahati hiyo. Video inayofika kwa wakili wa msaada wa kisheria, mhariri wa redio ya jamii au daktari wa zahanati huwa bado haijaonwa na mtu. Imeletwa na shahidi anayeishi mtaa uleule na watu waliorekodiwa. Kinachofuata mara nyingi ni haraka: mtu anafungua tovuti ya kuandika maneno ya sauti, au ya kuongeza mwanga kwenye picha, au ya kuangalia kama video ni ya kughushi, anaipandisha yote, dakika nzima na nukta zake, ili apate jibu la swali linalohusu sekunde sita.

Ushauri wa makala haya ni kwamba uamuzi wa kupakia au kutopakia usifanywe kwa video nzima. Ufanywe kwa swali mojamoja.

Kwanza ifahamike kinachotokea video inapopanda. Nakala inakaa kwenye diski za kampuni, na kuna nakala za akiba za diski hizo, ambazo kitufe cha kufuta hakizifikii papo hapo. Programu za ukaguzi huipitia hata kama imewekwa kuwa ya faragha. Wapo waandishi wenye mazoea ya kupandisha mahojiano YouTube kwa faragha ili wapate manukuu ya bure. Wakumbuke kwamba masharti ya maudhui yanazihusu video za faragha kama zile za wazi. Mwaka 2017 mfumo mpya wa kompyuta wa YouTube wa kusaka video za magaidi ulifagia pia idadi kubwa ya video zilizopandishwa na Wasiria waliokuwa wakirekodi vita kama ushahidi. Baadhi zilirudishwa baada ya malalamiko, nyingine hazikuonekana tena.

Mfano unaouma zaidi ni wa baba mmoja wa San Francisco. Mapema mwaka 2021 alimpiga picha mwanawe mdogo sehemu iliyovimba, kwa sababu muuguzi aliomba picha kabla ya daktari kumwona mtoto kwa njia ya video. Simu yake ya Android ilikuwa inahifadhi picha mtandaoni yenyewe. Mfumo wa Google ukaihesabu picha ile kuwa ya unyanyasaji wa mtoto, akaunti yake ikafungwa, na polisi wakapelekewa taarifa. Polisi walichunguza wakaona hana kosa. Akaunti haikurudi: barua pepe, picha za miaka na hata namba ya simu vilikwenda. Habari hiyo ilichapishwa na New York Times Agosti 2022. Yule baba hakuwa amepakia kitu kwa mkono wake. Simu ndiyo iliyopakia.

Na si mashine peke yake zinazotazama. Mei 2023 Tume ya Biashara ya Marekani ilieleza kwamba mfanyakazi wa Ring, kampuni ya kamera za nyumbani iliyo chini ya Amazon, alikuwa mwaka 2017 akitazama maelfu ya video za wateja wanawake, zikiwamo za vyumba vya kulala na bafu. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Hakuna mdukuzi aliyevunja mlango. Mtu alitumia ruhusa aliyopewa kazini.

Hapa kwetu sheria nazo zimeingia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinaweka masharti kwa anayepeleka taarifa binafsi nje ya nchi, na seva za huduma nyingi za mtandaoni ziko nje. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Tena zilikuwa picha za kawaida za watoto. Picha za majeruhi au washukiwa zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Tuchukue sasa mfano wa kutunga, ingawa unafanana na mengi yanayotokea. Ofisi ndogo ya msaada wa kisheria jijini Nairobi inaletewa video ya dakika 4 na sekunde 12. Imerekodiwa kwa simu kutoka dirisha la ghorofa ya pili, simu ikiwa imelazwa. Chini barabarani, kijana anapigwa na askari watatu karibu na kibanda cha M-Pesa. Ofisi inataka kujua mambo manne: ilikuwa saa ngapi, ni wapi hasa, maneno gani yalisemwa, na kama video hiyo si ya zamani iliyorudishwa kwa jina jipya.

Nani ni wa kulindwa hapa? Jibu linalokuja haraka ni kijana anayepigwa. Lakini mwenye hatari kubwa zaidi haonekani hata kidogo. Ni aliyeshika simu. Pembe ya picha inamtaja: ukishajua ni mtaa gani, mistari ya ukuta na paa la kibanda inatosha kuonyesha ni dirisha lipi. Na katika dakika ya tatu inasikika sauti ya mwanamke, karibu kabisa na simu, ikinong'ona kwa ukali: “Mama Brayo, toka hapo dirishani!” Sekunde mbili za sauti zimetoa jina ambalo mtaa mzima unalijua. Kwa sababu hiyo, katika video kama hii sauti ni nyeti kuliko picha, ingawa watu wengi hufunika nyuso na kuiacha sauti ilivyo.

Kabla ya maswali yale manne kuna namna ya kuipokea video. Ikitumwa WhatsApp kama video ya kawaida, hubanwa, na saa halisi ya kurekodi pamoja na alama za mahali hupotea. Njia nzuri ni waya wa USB kutoka simu ya shahidi hadi kwenye kompyuta. Ikishindikana, itumwe kama hati, kwa WhatsApp au Signal, ili faili lifike kamili. Faili la asili likishafika lipewe alama yake ya utambulisho, mlolongo wa herufi na tarakimu ambao hubadilika wote hata fremu moja ikiguswa. Kwenye Windows amri ipo tayari:

```
certutil -hashfile asili.mp4 SHA256
```

Kwenye Linux ni `sha256sum asili.mp4`. Jibu liandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la aliyepokea, kisha kazi yote ifanyike kwenye nakala. Miezi sita baadaye mahakamani, wakili wa upande wa pili atakapouliza kama video imeguswa, amri ileile itarudiwa na majibu mawili yatalinganishwa.

Swali la saa halihitaji mtandao kabisa. Programu ya `exiftool`, ambayo ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti, husoma yaliyoandikwa na simu ndani ya faili:

```
exiftool -a -G1 -s nakala.mp4
```

Katika orodha ndefu inayotoka, mstari wa kutafuta ni `CreateDate`. Tuseme unaonyesha 11:14:05. Hapa wengi hujikwaa. Kwa utaratibu wa mafaili ya MP4 saa hiyo huandikwa kwa wakati wa dunia, UTC, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele. Kwa hiyo tukio ni la 14:14, yaani saa nane na dakika 14 mchana. Ushahidi wa kulihakikisha upo ndani ya picha: vivuli vya saa nane mchana haviwezi kuwa virefu kama vya saa kumi na moja jioni. Baadhi ya simu huandika wakati kurekodi kulipoisha badala ya kulipoanza, kwa hiyo dakika nne za video hii ziachiwe nafasi ya kukosea. Orodha hiyohiyo ikiwa na mstari wa `GPSCoordinates`, basi mahali pamejulikana kwa mita chache, na dirisha la Mama Brayo pia. Hiyo ndiyo sababu ya kutopeleka faili la asili popote: kabla hata video haijachezwa, anwani ya shahidi imeshasomwa.

Maneno yaliyosemwa ndiyo sehemu ambayo vishawishi vya mtandao ni vikubwa, maana kusikiliza na kuandika kunachosha. Tangu Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ilipoitoa Whisper bure, pamoja na mafaili yake ya lugha, kisingizio kimepungua. Toleo lake jepesi liitwalo whisper.cpp huendeshwa kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Faili la lugha la ukubwa wa `small` lina takriban MB 466, la `medium` GB 1.5, la `large` karibu GB 3. Hupakuliwa mara moja tu; baada ya hapo waya wa intaneti unaweza kung'olewa. Sauti hutolewa kwanza kwenye video, kisha ikaandikwa:

```
ffmpeg -i nakala.mp4 -ar 16000 -ac 1 -c:a pcm_s16le sauti.wav
whisper-cli -m ggml-medium.bin -l sw -f sauti.wav
```

Kwenye kompyuta isiyo na kadi ya michoro, dakika nne za sauti zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko dakika nne. Mtu akanywe chai. Ubaya wa kweli uko kwingine: programu hii haikifahamu Kiswahili kama inavyofahamu Kiingereza, na Sheng huivuruga kabisa. Pia hutunga. Utafiti uliotoka mwaka 2024, uliowahusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, uliona kwamba katika takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti ilikuwa imeingiza maneno ambayo hakuna aliyeyatamka. Hatari huongezeka penye ukimya mrefu au kelele. Namna ya kugundua ni kuangalia saa zilizo pembeni ya kila mstari. Sentensi safi, yenye nukta na mkato, iliyokaa mahali ambapo spika inatoa kelele za mabati na mbwa tu, isiaminiwe. Ikumbukwe pia kwamba huduma nyingi za mtandaoni zinatumia Whisper ileile chini kwa chini, hivyo kuipandisha sauti hakuondoi kosa. Kinacholiondoa ni mtu wa Nairobi mwenye spika za masikioni, akisikiliza mstari kwa mstari huku orodha ya mashine ikiwa mbele yake kama rasimu.

Je, kuna wakati sauti ipande? Upo. Mahojiano na mwanasiasa ambayo yatarushwa redioni jioni hayana siri. Huduma yoyote nzuri itumike. Saa 60 za mikutano ya hadhara, na kompyuta moja ya ofisi yenye umri wa miaka minane, nazo zinaweza kuhalalisha njia ya haraka, mradi sauti hizo zilikuwa za hadhara tangu mwanzo. Kipimo ni mtu mmoja mahususi: ni nani atadhurika ikijulikana kwamba alikuwepo, na je, madhara hayo yanaweza kurudishwa nyuma? Hasara ya kuchelewa ni saa kadhaa. Jina la shahidi likishatoka halirudi.

Swali la mahali ni la namna nyingine, kwa sababu haliwezi kujibiwa bila kutazama kitu kilicho nje ya kompyuta. Lakini kutazama ramani na kupakia video ni mambo mawili. Ofisi ile inaweza kufungua picha za satelaiti, kusogea mtaa kwa mtaa, na kulinganisha kwa macho paa la bati la buluu, nguzo ya umeme iliyoinama na kona ya barabara. Ramani inashuka kwao, video haipandi. Kilichobaki mtandaoni ni kwamba kompyuta fulani ilitazama mtaa fulani, jambo dogo katika kesi nyingi. Penye adui mwenye uwezo wa kuona hata hilo, eneo zima la mji lipakuliwe na ulinganisho ufanywe nje ya mtandao.

Swali la nne ndilo linalolazimisha kupakia kitu. Kujua kama video ni ya zamani, au ya nchi nyingine, kunahitaji kuuliza injini za kutafuta kwa picha, na injini hizo haziko kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Hapo ndipo mlima wa Zelevet unapofundisha. Ichaguliwe fremu yenye mandhari peke yake. Katika video yetu, sekunde ya 104 kamera inapanda kidogo, na juu kulia kuna bango la duka na ukuta uliopakwa rangi, bila mtu hata mmoja. Kipande hicho kikatwe na kitolewe kama picha mpya:

```
ffmpeg -ss 00:01:44 -i nakala.mp4 -frames:v 1 -vf crop=640:360:1200:80 kipande.png
```

Namba mbili za kwanza ni upana na urefu wa kipande, mbili za mwisho ni umbali kutoka kushoto na kutoka juu, kwa video ya ukubwa wa 1920 kwa 1080. Kukata kwa amri hii kuna sababu. Machi 2023 iligundulika kwamba kifaa cha kuhariri picha kwenye simu za Google Pixel kilikuwa kikiacha sehemu ya picha iliyokatwa ndani ya faili lilelile, na watafiti waliweza kuirudisha. Programu ya Windows ya kukata picha za skrini ikaonekana na kasoro ya aina hiyo. Kasoro hizo zilirekebishwa, ila picha zilizokwishatumwa zilibaki na mabaki yake. Hali kadhalika picha iliyokatwa ndani ya hati ya Word mara nyingi hubaki nzima chini ya sehemu inayoonekana. Picha iliyotolewa upya kutoka kwenye fremu haina pa kuficha kitu.

Lakini hata kipande chenyewe kitazamwe mara mbili. Ukingo wa dirisha ukionekana chini ya picha, pazia la maua, au kivuli cha aliyeshika simu kwenye kioo, shahidi amerudi mlangoni. Namba ya gari na uso ulio mbali visifichwe kwa ukungu wa viraba tu. Ukungu wa namna hiyo umewahi kufumuliwa, hasa penye namba na maandishi. Mstatili mweusi mzito, uliochorwa kisha picha ikahifadhiwa upya, ndio wa kutegemewa.

Matokeo yakionyesha bango lile halijawahi kuonekana kwenye video nyingine, haina maana video ni mpya. Ina maana injini haikuijua. Kutopatikana ni dalili tu, na hukumu ya mwisho itokane na saa ya faili, vivuli, na mazungumzo na shahidi.

Tovuti zinazodai kutambua video za kughushi kwa asilimia ndizo ambazo mwandishi wa makala haya angeziweka mwisho wa foleni. Hutaka video nzima yenye nyuso, na jibu lake huwa namba isiyo na maelezo. Video iliyobanwa na WhatsApp mara tatu inaweza kuzikanganya. Na tovuti za kutafuta watu kwa uso zisiguswe kabisa kwa ajili ya kijana anayepigwa au shahidi. Kumtambua askari kuna njia ndefu lakini salama zaidi: fremu za karibu, zitolewe tano kwa sekunde kwa sekunde 12 muhimu, zipatikane 60 za kupitia kwa macho.

```
ffmpeg -ss 00:02:10 -i nakala.mp4 -t 12 -vf fps=5 fremu_%03d.png
```

Katika fremu 60, namba ya kofia iliyofichika kwenye 58 huweza kusomeka kwenye mbili.

Yote haya yanachukulia kwamba kompyuta ya ofisi ni mahali salama, na mara nyingi si hivyo. Kosa la kawaida halionekani kwa jicho: faili limewekwa kwenye Desktop, na Desktop hiyo inasawazishwa na OneDrive. Mtu ameketi, ameendesha `exiftool` na Whisper kwa uangalifu wote, na wakati huohuo nakala ya video imepanda kimyakimya. Alama ya wingu au tiki ya kijani kando ya jina la faili ndiyo inayomshtaki. Upande wa simu, kuhifadhi picha mtandaoni kwa Google Photos au iCloud kuzimwe kabla waya haujachomekwa, na shahidi aulizwe kama yake ilikuwa imewashwa siku ile. Kama ilikuwa imewashwa, video imekwisha kufika huko, na mpango wa ulinzi uanzie kwenye ukweli huo.

Njia rahisi ya kujaribu programu yoyote inayodai kufanya kazi ndani ya kifaa ni kuzima Wi-Fi na data, kisha kuipa klipu isiyo na siri, kwa mfano video ya kuku uani. Ikikataa, ilikuwa inategemea seva. Ikikubali, jaribio bado halijaisha, kwa sababu zipo programu zinazoweka kazi kwenye foleni na kutuma mtandao ukirudi. Iangaliwe matumizi ya data ya programu hiyo kwenye mipangilio baada ya kuwasha tena. Klipu ya MB 200 haipandi bila kuacha alama kwenye hesabu hiyo.

Kuna pia wizi na upekuzi. Kompyuta isiyofungwa kwa usimbaji ikipelekwa kwa fundi wa skrini imepelekwa na kila kilichomo. BitLocker ipo kwenye Windows za Pro, FileVault ipo kwenye Mac, na VeraCrypt, ya bure, huunda sanduku lenye nenosiri kwenye Windows, Mac na Linux. Kwa ofisi ambayo inaweza kuvamiwa na kunyang'anywa vifaa, kuiacha video mahali pamoja tu ni hatari nyingine, na hapo mtandao una faida: sanduku la VeraCrypt lililofungwa tayari lipandishwe, huku nenosiri likiwa kwingine. Kampuni itahifadhi kitu isichoweza kukitazama. Kuhifadhi kilichofungwa na kuchambua kilicho wazi ni maamuzi mawili, na anayeyachanganya hujikuta ama amepoteza ushahidi au ameutoa.

Kuna aina moja ya video ambayo haina jibu kwenye kifaa wala mtandaoni. Video ya unyanyasaji wa kingono wa mtoto ni kosa hata kuwa nayo, kwa sheria ya makosa ya mtandao ya Kenya ya mwaka 2018, na ile ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kuichapisha au kumwezesha mtu kuifikia. Isinakiliwe, isikatwe fremu, isitumwe kwa mwenzako kuomba ushauri. Mwanasheria aitwe, na polisi wapewe kifaa kilivyo.

Ofisi yetu ya Nairobi, mwisho wa siku, itakuwa imepakia kitu kimoja: `kipande.png`, bango na ukuta. Kwenye daftari kutakuwa na alama ya SHA256, saa 14:14 na maelezo ya jinsi ilivyopatikana, maneno yaliyosikilizwa na mtu, na orodha ya fremu zenye namba ya kofia. Video ya kwenda mahakamani itabaki nzima ndani ya sanduku lililofungwa. Ile ya kuonyesha vyombo vya habari, iwapo Mama Brayo ataafiki, itakuwa nakala nyingine isiyo na dakika ya tatu wala sauti, iliyotolewa kwa `-an` ili sauti iondoke na `-map_metadata -1` ili alama za mahali zibaki nyuma:

```
ffmpeg -i nakala.mp4 -t 115 -an -map_metadata -1 ya_habari.mp4
```

Kabla haijatoka, `exiftool` iendeshwe tena juu ya `ya_habari.mp4`, na mstari wa `GPSCoordinates` utafutwe. Kisha mtu ambaye hakuhusika na kazi hii aitazame, aulizwe anadhani imepigwa kutoka wapi. Akionyesha dirisha, kazi ya kukata inaanza upya.